Kruzi inayofuata gari la mbele: umbali wake unatoka wapi, na uiwekeje kwenye foleni ya Changamwe

Shemeji yangu anaishi Miritini na kazi yake iko kisiwani. Mwaka jana alitoa bandarini Harrier ya 2018 kutoka Japani, na ndani yake mlikuwa na ile kruzi inayolifuata gari la mbele: ukiiwasha, gari hukanyaga mafuta na breki lenyewe, wewe unashika usukani na kutazama barabara. Wiki ya kwanza alikuwa akimwonyesha kila mtu. Wiki ya pili akanipigia simu.

"Shemeji, hii gari ni mwoga. Inaacha nafasi kubwa, tuktuk zote za Changamwe zinaingia mbele yangu. Nimeiweka pengo fupi kabisa, lakini sasa inashtukashtuka na mama analalamika shingo."

Mama anayetajwa hapo ni mama mkwe wangu, ambaye kila Jumanne asubuhi huletwa mjini kliniki kwa gari hilo hilo. Kwa hivyo jambo hili halikuwa la shemeji peke yake. Jumamosi mbili nilikaa naye garini, mara yeye akiendesha, mara mimi, tukabonyeza kila kitufe. Nayaandika hapa tuliyoyaona pamoja na yale niliyoyajua kabla, kwa sababu magari ya aina hii sasa yamejaa mitaani kwetu, na vitabu vyake vya maelezo vimeandikwa Kijapani.

Jambo la kwanza ambalo shemeji hakulijua, na naamini wengi hawalijui, ni kwamba gari halipimi pengo kwa mita. Linapima kwa muda. Ile picha ya dashibodi yenye vijistari vitatu, viwili au kimoja nyuma ya gari dogo haimaanishi mita kadhaa. Inamaanisha sekunde: kama gari la mbele limepita kwenye nguzo fulani sasa hivi, wewe utaifikia nguzo hiyo baada ya sekunde ngapi? Muda huo ndio gari linaoulinda, na mita hufuata spidi. Ukienda mbio, mita huongezeka. Ukienda polepole, hupungua.

Kwenye Toyota nyingi zenye rada za miaka ile, mtengenezaji ameeleza kwamba kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa pengo refu ni takriban mita 50, la kati mita 40, na fupi mita 30. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 na kidogo kila sekunde. Gawanya uone: pengo refu ni sekunde 2 na robo hivi, la kati ni kama sekunde 1.8, na fupi ni kama sekunde 1.35. Makampuni mengine yana nambari zao, lakini hayako mbali sana na hapo. Kiwango cha kimataifa cha mifumo hii, ISO 15622, kinataka chaguo fupi kabisa lisishuke chini ya sekunde 0.8, na angalau chaguo moja liwe kati ya sekunde 1.5 na 2.2.

Lakini sekunde peke yake hazitoshi. Kama pengo lingekuwa ni muda mtupu, basi gari la mbele likisimama, la kwako lingeligusa bampa, maana sekunde 2 mara spidi sifuri ni sifuri. Kwa hivyo watengenezaji huongeza kipande cha mita kisichobadilika, ambacho ndicho unachokiona mkiwa mmesimama. Kwa gari la shemeji tulishuka tukakipima kwa hatua: kama mita 4. Hesabu yenyewe basi ni hii:

```
umbali = umbali wa kusimama + (muda × spidi)
```

Sasa tuingie kwenye foleni. Kutoka Kibarani kupanda raundabauti ya Changamwe saa kumi na moja jioni, msafara ukienda vizuri hufika kilomita 20 kwa saa. Hiyo ni mita 5 na nusu hivi kwa sekunde. Ukichukua pengo refu, unapata mita 12 na nusu za muda, jumlisha 4 za kusimama: mita 16 na nusu. Pengo la kati linatoa mita 14. Pengo fupi linatoa mita 11 na nusu. Foleni ikibana zaidi hadi mwendo wa mtu anayetembea, yaani kilomita 5 kwa saa, pengo refu linakuwa mita 7 na fupi mita 6 hivi. Haya ni makadirio, na magari mengine huongeza kidogo kwenye spidi ndogo, ila sura yake ndiyo hiyo.

Nilimwandikia shemeji nambari hizo nyuma ya risiti ya petroli akazitazama kwa muda mrefu. Tuktuk ina urefu wa mita 2 na nusu na ushei. Matatu ya Hiace fupi ni karibu mita 5. Kwa spidi ya kilomita 20, hata pengo fupi la mita 11 na nusu ni mlango uliofunguliwa kwa wote wawili. Na kwa spidi ya kutambaa, tofauti ya refu na fupi ni mita moja, ambayo haimzuii mtu yeyote. Kwa maneno mengine, shemeji alikuwa amefupisha pengo ili kuwafungia tuktuk, akawa hajamfungia yeyote, na mshtuko wa shingo akaununua bure.

Mshtuko huo unatoka wapi?

Dereva mzoefu wa Mombasa hatazami gari la mbele tu. Anatazama taa za breki za gari la tatu na la nne, anamwona trafiki amenyanyua mkono, anaiona matatu inapunguza kwa sababu kuna abiria kituoni. Anaondoa mguu kwenye mafuta kabla ya gari la mbele yake kushika breki. Kruzi haina macho hayo. Rada au kamera yake humshika mmoja, yule aliye mbele yako kwenye leni yako, na kwa huyo hupima vitu viwili: yuko mbali kiasi gani, na anakaribia au anakwenda mbali kwa kasi gani. Ikiona pengo limepungua kuliko linavyotakiwa, au gari la mbele linakaribia, inapunguza. Ikiona kinyume, inaongeza. Haijui sababu, na haiwezi kuanza kabla ya yule wa mbele kuanza.

Kuna ucheleweshaji pia. Sensa inahitaji kuhakikisha ilichokiona, kompyuta iamue, breki zijazwe presha au injini iitikie. Ukiweka pamoja unaweza kupoteza sekunde moja hivi. Ukiwa na pengo la sekunde 2 na robo, sekunde moja iliyopotea bado imekuachia nafasi ya kupunguza taratibu. Ukiwa na pengo la sekunde 1.35, gari limekwisha kula sehemu kubwa ya akiba yake, na halina njia nyingine ila kukanyaga breki kwa nguvu. Halafu pengo linafunguka, linakanyaga mafuta kulifukuzia, halafu breki tena. Hicho ndicho mama mkwe alichokuwa anakisikia shingoni.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo magari 22 yaliwekwa kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende spidi moja. Hakukuwa na taa wala raundabauti wala ajali, lakini baada ya muda mfupi foleni ikajitokeza yenyewe na kuzunguka kinyumenyume, kwa sababu kila dereva alipunguza zaidi kidogo kuliko yule aliyekuwa mbele yake. Miaka ya karibuni watafiti wa Marekani waliyapima magari 7 ya kuuzwa madukani, ya makampuni 2, wakitaka kujua kama kruzi za kufuata hulituliza wimbi hilo. Yote 7 yalilikuza. Gari la mbele likipunguza kidogo, la nyuma lilipunguza zaidi. Kwa hivyo ukiona gari lako linafanya hivyo, halijaharibika. Ndivyo lilivyo, na pengo refu ndilo linaloipa kruzi nafasi ya kupunguza makali hayo.

Ingawa ni haki kusema na upande wa pili. Pengo fupi lina faida moja ya kweli. Tuktuk ikichomoka mbele yako, gari hulinganisha umbali uliopo na ule linaotaka. Kama lilitaka mita 16 na ghafla zimebaki 5, upungufu ni mkubwa. Kama lilitaka 11 na zimebaki 5, upungufu ni mdogo, na breki huwa laini zaidi. Mifumo mizuri huangalia pia kama aliyeingia anakwenda kasi kuliko wewe, na kama ndivyo, hunyamaza na kumwacha ajitenge. Lakini ndiyo sababu sipendekezi pengo refu saa zote mjini. Kwenye leni ambamo watu wanaingia kila mita 50, pengo la kati ndilo lililotupa safari iliyotulia zaidi, na tulijaribu yote matatu siku moja kwenye kipande kile kile. Refu nimeliacha kwa barabara iliyofunguka, kwa mvua, na kwa kufuata trela, ambalo nitalirudia. Fupi sikuliona kazi yake kwenye foleni.

Kuna usumbufu mmoja hapa. Toyota nyingi za miaka ile hurudi kwenye pengo refu kila ukizima na kuwasha gari. Shemeji alidhani kitufe kimeharibika. Hakijaharibika, ni usalama umewekwa hivyo makusudi. Ukishaiwasha kruzi, bonyeza kitufe cha pengo kwenye usukani mpaka vijistari viwe viwili, na ufanye hivyo kila safari.

Sasa kitufe ambacho wengi hawakihesabu kabisa, na kwa maoni yangu ndicho kinachosaidia zaidi kwenye foleni: ile spidi unayoiweka kwa SET. Watu huiacha pale ilipokuwa kwenye barabara kuu. Shemeji alikuwa na 90, aliyoiweka siku alipokwenda Mariakani, na kila akibonyeza RES kruzi inaamka na 90 yake.

Fikiria linavyoona gari. Kila mara linajiuliza maswali mawili: niende spidi gani ili nifike ile aliyoniwekea, na niende spidi gani ili nilinde pengo? Linachukua jibu dogo zaidi. Mkiwa mmebanana, jibu la pengo ndilo dogo na spidi ya SET haionekani. Lakini gari la mbele likibadilisha leni au likapinda kuingia kituo cha mafuta, mbele yako hapana kitu, na sasa jibu pekee ni 90. Gari linaruka. Mita 30 mbele kuna mkia wa foleni ambao wewe umeuona zamani. Lenyewe linauona sasa, na linakanyaga breki. Ukiwa na SET ya 50, mruko ni mdogo na breki ni ndogo.

Kwa hivyo ukiingia kwenye foleni, ishushe spidi ya SET mpaka ikaribie ile ya juu ambayo foleni yenyewe inafikia. Magari mengine yanakubali kushuka hadi 30, mengine hayashuki chini ya 50 hivi. Chukua ya chini inayokubalika. Foleni ikifunguka baada ya Jomvu, ipandishe. Ni kazi ya kidole gumba.

Baadhi ya magari yana la tatu la kuseti, nalo ni ukali wa kuondoka. Subaru kadhaa zenye EyeSight, ambazo hutumia kamera 2 juu ya kioo badala ya rada, zina ngazi 4 kwenye menyu, kutoka ya uchumi hadi ya kasi. Kwenye magari mengine kitufe cha ECO hulegeza mafuta hata kruzi ikiwa inafanya kazi. Kwa foleni chagua ya chini. Gari litachelewa kidogo kuondoka, na utapigiwa honi na matatu ya nyuma, ambayo ingepiga hata hivyo.

Nimeandika kana kwamba kila kruzi inafika mpaka kusimama. Si zote. Kuna zile za zamani zaidi, na za matoleo ya bei ya chini, ambazo hufuata kwenye barabara kuu tu, na spidi ikishuka chini ya 40 hivi hutoa mlio, hujitoa na kukuachia gari. Hizo kwenye foleni usiziwashe kabisa. Muuzaji wa yadi atakuambia "ina kruzi ya rada" na atakuwa hajadanganya. Dalili nzuri, ingawa si ya hakika, ni breki ya mkono ya kitufe: gari lenye breki ya kuvuta au ya kukanyaga mara nyingi haliwezi kujishikilia limesimama. Njia ya hakika ni kulijaribu kwenye barabara tulivu, mguu wako ukiwa juu ya breki tayari, nyuma ya mtu mnayejuana anayepunguza polepole hadi kusimama.

Angalia pia kitu kimoja ambacho kimewahi kumkosesha mtu raha. Magari kadhaa yana kruzi mbili ndani ya kitufe kimoja: ya kufuata, na ile ya kawaida inayoshika spidi tu bila kujali aliye mbele. Ukibonyeza kwa muda mrefu kidogo, unaingia ya pili. Taa ya kijani inawaka vile vile. Tofauti ni kwamba vile vijistari vya pengo havionekani. Kabla hujaondoa mguu, tafuta vijistari.

Kusimama na kuondoka nako kuna utaratibu wake. Gari la mbele likisimama, la kwako linasimama na kushikilia breki. Kwenye magari mengine, kama umesimama kwa sekunde 3 hivi tu, litaondoka lenyewe. Ikizidi hapo, linasubiri ubonyeze RES au uguse mafuta. Hili la shemeji linasubiri. Yeye aliona ni upungufu, mimi naona ni jambo jema, kwa sababu kati ya gari lako na la mbele mkiwa mmesimama Changamwe hupita watu: muuza maji, muuza njugu, mtoto wa shule. Kruzi imeundwa kufuata magari. Usimkabidhi mtu anayevuka kwa miguu. Kabla hujabonyeza RES, tazama mbele ya boneti.

Matuta haiyaoni kabisa. Mfano wake ni huu: gari la mbele limepunguza, limevuka tuta, limeondoka. Kruzi inaona limeondoka, nayo inakanyaga mafuta, na wewe bado hujavuka. Linalipanda tuta likiwa linaongeza spidi. Mahali penye matuta yanayofuatana, bonyeza CANCEL mapema na uvuke kwa mguu wako.

Sasa trela, na hapa ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji.

Jumanne moja asubuhi shemeji alikuwa analeta mama mjini. Kati ya Jomvu na Changamwe akawa nyuma ya trela tupu, yale mafupamafupa ya vyuma yanayokwenda bandarini kuchukua kontena. Pengo fupi, kilomita 20 hivi kwa saa. Trela likapunguza. Harrier likapunguza, lakini si kama siku zote. Likaendelea kusogea. Akakanyaga breki mwenyewe, likasimama na ncha ya chuma cha trela ikiwa karibu juu ya boneti. Mama akalia. Shemeji akaniambia breki za kruzi zimekufa.

Hazikufa. Rada ya gari hilo iko chini, usawa wa nembo ya mbele, na boriti yake ni nyembamba. Gari la kawaida lina mgongo mpana wa bati unaorudisha mawimbi vizuri. Trela tupu lina mgongo mdogo ulioinuka juu, na chini yake kuna uwazi. Rada inaweza kupita chini ya vyuma na kushika ekseli na magurudumu, mita kadhaa ndani. Gari linapima umbali hadi kwenye ekseli na kuona bado kuna nafasi, wakati chuma cha nyuma kimeshakufikia. Na likipoteza hata hiyo ekseli kwa sekunde moja, linadhani mbele ni peupe. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba trela lisilo na mzigo na magari yenye mgongo mdogo au yaliyoinuka sana huenda yasionekane. Vivyo hivyo lori la mbao au nondo zilizotokeza nyuma: linalopimwa ni lori, si nondo.

Utajuaje? Tazama kile kigari kwenye dashibodi. Ukiwa nyuma ya trela na kigari kinazimika na kuwaka, au hakionekani kabisa huku trela liko mbele ya macho yako, basi gari lako halijui lilipo. Toa kruzi hapo hapo. Hata kigari kikionekana imara, nyuma ya trela tupu pengo liwe refu na mguu uwe juu ya breki. Mimi nyuma ya yale mafupa siiwashi kabisa, na shemeji sasa pia.

Upofu wa pili unaofanana na huo uko kwenye mkia wa foleni. Ukitoka Mazeras unashuka na kruzi kwa 80, na mbele magari yamesimama tayari kabla rada haijawahi kuyaona yakitembea, usitegemee. Kwa rada, kitu kilichosimama kinafanana na bango, daraja na nguzo, na kwenye spidi kubwa mifumo mingi huvipuuza vitu vya namna hiyo ili gari lisishike breki kwa kila bango. Isitoshe breki za kruzi zimewekewa kikomo: kwenye spidi ya barabara kuu ni chini ya nusu ya uwezo wa gari. Punguza mwenyewe mpaka ujiunge na foleni, halafu ndipo uiwashe.

Tuktuk na bodaboda zina shida ya tatu, ndogo zaidi. Boriti ikiwa nyembamba, kilicho pembeni kabisa ya bampa hakionekani mpaka kiingie katikati ya leni. Tuktuk iliyoingiza gurudumu moja mbele yako kwa kruzi bado haijafika. Wewe umeshaiona. Gusa breki.

Lililobaki ni la usafi na mafundi. Shemeji alikuwa anataka kubadilisha nembo ya mbele aweke ya kung'aa aliyoiona dukani, nikamzuia kwa wakati. Kwenye magari mengi yenye rada, nembo hiyo ni plastiki maalumu ambayo mawimbi hupita, na rada iko nyuma yake. Ukipachika ya chuma au yenye rangi ya metali, umeifunika rada jicho. Ngao za mbele za vyuma ni vivyo hivyo. Bampa likigongwa likarudishwa kwa nyundo, rada inaweza kuinama nyuzi chache, na nyuzi chache kwa umbali wa mita 50 ni leni ya jirani: gari litashika breki kwa sababu ya matatu ya upande wa pili. Kwa magari ya kamera, kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya kwa mashine, na usikubali stika ya bima ikae mbele yake. Baada ya barabara ya vumbi, futa nembo na kioo kwa kitambaa chenye maji. Mvua kubwa ya masika ikishuka, mfumo unaweza kujizima na kuandika ujumbe. Hapo endesha mwenyewe, likitulia utawasha tena.

Jumanne iliyopita nilipanda nao. Pengo la kati, SET 50, kitufe cha ECO kimebonyezwa. Kutoka Miritini hadi Jomvu tuktuk nne zilituingilia, na mara nne gari lilipunguza kama mtu anayekaribisha. Jomvu kukawa na mafupa mawili ya trela mbele, shemeji akabonyeza CANCEL kabla sijamwambia. Mama mkwe alikuwa nyuma, amelala.